Fundi grili akiomba wiki moja zaidi: kupiga hesabu ya siku za akiba kwenye ratiba ya ujenzi

Nasimamia ujenzi wa nyumba za kawaida, na karibu kila nyumba huja siku fundi akaomba aongezewe muda. Kabla ya kumjibu napiga hesabu ya siku za akiba, yaani siku ambazo kazi yake inaweza kuchelewa bila kusogeza tarehe ya kukabidhi nyumba. Tuchukue nyumba moja ndogo.

Hatua ya 1: Andika kazi, siku zake, na kinachotangulia

| Kazi | Siku | Inasubiri |
|---|---|---|
| Msingi | 10 | – |
| Kuta hadi lenta | 18 | Msingi |
| Kupaua | 8 | Kuta |
| Kutengeneza grili karakana | 12 | Msingi |
| Kufunga grili | 3 | Kuta, grili kuwa tayari |
| Karo la maji taka | 14 | Msingi |
| Plasta | 9 | Kupaua, kufunga grili |
| Kuunganisha mabomba | 4 | Plasta, karo |

Hizi ni siku za kazi; Jumapili haimo.

Hatua ya 2: Hesabu kwenda mbele

Msingi unaisha siku ya 10, kuta siku ya 28, paa siku ya 36, plasta ya 45, mabomba ya 49. Kazi inayosubiri vitu viwili huanza baada ya kile kinachochelewa zaidi. Grili zinaweza kuwa tayari siku ya 22, lakini huzifungi mpaka kuta ziishe siku ya 28, kwa hiyo kufunga kunaisha siku ya 31.

Hatua ya 3: Rudi nyuma kutoka siku ya 49

Sasa uliza: kila kazi iishe lini kwa kuchelewa kabisa? Mabomba yanataka siku 4, basi plasta na karo viwe vimeisha siku ya 45. Plasta inataka siku 9, basi grili ziwe zimefungwa siku ya 36. Kufunga kunataka siku 3, basi karakana imalize siku ya 33.

Hatua ya 4: Toa

```
akiba = mwisho wa kuchelewa - mwisho wa mapema
```

Msingi, kuta, paa, plasta na mabomba vinapata sifuri. Hapo siku moja ikipotea, nyumba nzima inachelewa siku moja. Kufunga grili kuna akiba ya siku 5, karakana 11, karo 21.

Hatua ya 5: Jua akiba ni ya nani

Hapa ndipo wengi tunakosea. Siku 11 za karakana si zake zote. Akichelewa siku 6, grili zinafika siku ya 28, kuta ndiyo kwanza zimeisha, na hakuna aliyeguswa. Akichelewa siku 11, zinafika siku ya 33 na wafungaji wamebaki na siku 3 kamili za kazi ya siku 3. Amekula akiba yao yote. Basi akiomba siku 6 mpe bila wasiwasi. Akiomba 9, ongea kwanza na wafungaji, maana watabaki na akiba ya siku 2 tu.

Ukitumia Microsoft Project, safu ya `Total Slack` itakuonyesha 11 na `Free Slack` itakuonyesha 6. Wakati wa kumjibu fundi, soma zote mbili.

Hatua ya 6: Angalia mikono

Karo lina akiba ya siku 21, na kwenye karatasi ndiyo kazi ya kusogeza upendavyo. Lakini nani anajenga karo? Mara nyingi ni waashi walewale wa kuta. Hesabu yetu haikujua hilo. Wakianza karo siku ya 28, watamaliza siku ya 42, wakati plasta inawahitaji siku ya 36. Plasta inasogea siku 6 na nyumba inakabidhiwa siku ya 55. Akiba ya siku 21 imeleta ucheleweshaji wa siku 6.

Dawa yake ni kuigawa kazi. Kuchimba ni siku 6, na vibarua wanaiweza. Kujenga ni siku 8, ya waashi. Wakati maseremala wanapaua, kati ya siku ya 28 na ya 36, waashi wako huru kwa siku 8 hasa. Karo linaingia hapo sawasawa, ila sasa ujenzi wake hauna akiba tena: ukichelewa, unawashika waashi wa plasta.

Uchimbaji ungeweza kuanza mara tu msingi ulipoisha, lakini shimo lingekaa wazi siku 12 likisubiri waashi, na mvua ikinyesha kingo zinaporomoka. Hapo akiba naitumia kwa makusudi: vibarua wanaanza siku ya 22 ikishaisha, na kumaliza siku ya 28. Tarehe hiyo naifunga kwenye kuta, si kwenye kalenda. Nikiona kuta zitachelewa siku 3, vibarua nao nawaambia waje siku 3 baadaye.