Jinsi ya Kutafsiri Hati za Biashara Bila Kuchanganya Majina

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetafsiri karatasi za biashara kati ya Kiswahili na Kiingereza jijini Nairobi, ambako fundi wa Kamukunji huandika kwa Kiswahili lakini mhasibu wa kampuni inayonunua kazi yake husoma na kujibu kwa Kiingereza.

Hatua ya 1: Uliza nani anatoa hati na inathibitisha nini. Usianze na kamusi. Muuzaji hutoa nukuu ya bei kabla ya mauzo. Mnunuzi hujibu kwa hati ya kuagizia, ambayo mtaani huitwa LPO. Mzigo unapofika, huja na hati ya kuwasilisha bidhaa, ambayo mpokeaji huitia sahihi. Kisha muuzaji hudai pesa zake kwa ankara. Stakabadhi huja mwisho, pesa zikishalipwa.

Hatua ya 2: Chagua jina moja kwa kila hati, uliandike kwenye faili. Yangu huanza hivi:

```
sw,en,mtoaji
nukuu ya bei,quotation,muuzaji
hati ya kuagizia,purchase order,mnunuzi
hati ya kuwasilisha bidhaa,delivery note,muuzaji
ankara,invoice,muuzaji
stakabadhi,receipt,muuzaji
```

Wapo wanaopendelea kusema kadirio la bei badala ya nukuu ya bei. Mimi nimeliacha kwa sababu kadirio ni hesabu ya kukisia ambayo inaweza kupanda kazi ikiendelea, ilhali nukuu ni bei ambayo muuzaji yuko tayari kuuza kwayo, na mnunuzi akiikubali kabla haijapitwa na muda wake, muuzaji hana nafasi ya kuipandisha apendavyo. Ukiandika kadirio, anayerudisha maneno yako kwa Kiingereza atapata hati nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Jihadhari na neno stakabadhi. Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, na kosa hilo lilimwumiza mtu. Karakana moja iliyosajiliwa kwa VAT ilikuwa imeagizwa masanduku 40 ya chuma kwa shilingi 2,500 kila moja. Siku ya kwanza yalifika masanduku 36, na mpokeaji akatia sahihi kwenye karatasi ambayo fundi alikuwa ameiita stakabadhi ya mzigo, kwa kuwa wengi wetu huita karatasi yoyote rasmi stakabadhi. Nami nikaitafsiri neno kwa neno, hivyo ikasomeka kwa Kiingereza kuwa ni risiti ya malipo.

Mhasibu alipolinganisha karatasi tatu kama ilivyo desturi, yaani hati ya kuagizia, ya kuwasilisha bidhaa na ankara, alikosa ile ya pili na mahali pake akaona risiti, akadhani kwamba fundi alikuwa amekwisha kulipwa taslimu. Ankara yenyewe ilikuwa sahihi: masanduku 36 kwa shilingi 90,000, pamoja na VAT ya asilimia 16 ambayo ni shilingi 14,400, jumla shilingi 104,400. Hata hivyo iliwekwa kando hadi nilipoitafsiri upya ile karatasi ya mzigo. Tangu hapo, nikikutana na stakabadhi, hutazama kwanza kama karatasi inataja pesa zilizopokelewa. Ikiwa ina idadi ya vitu na sahihi ya mpokeaji tu, bila malipo, hiyo ni hati ya kuwasilisha bidhaa, hata kama mwenyewe ameipa jina lingine.

Hatua ya 4: Usifupishe, na uangalie idadi. Majina mawili katika orodha huanza na neno hati, kwa hiyo ukiandika “hati iliyotajwa hapo juu” msomaji hajui ni ipi. Tena, ankara na nukuu hazibadiliki katika wingi. Idadi huonekana kwenye upatanisho pekee. “Malipo ya ankara” yanaweza kuwa ya ankara moja au tano, basi andika “ankara hii” au “ankara hizi”, na ukiweza uongeze namba yake.

Hatua ya 5: Hesabu. Fungua hati mbili kando kwa kando, bonyeza Ctrl+F, utafute kila jina katika lugha zote mbili. Idadi zikitofautiana, soma kila mahali lilipotokea, kwa maana mara nyingine tofauti ni ya haki, kama vile pale Kiswahili kilipotumia kiwakilishi. Namba ya hati ya kuagizia nayo itafute peke yake: haitafsiriwi, na inapaswa kuonekana ileile kwenye hati ya kuwasilisha bidhaa na kwenye ankara, pamoja na mistari na sifuri zake zote za mwanzo.

Masanduku manne yaliyosalia yalipofika, yalikuja na hati yake ya kuwasilisha bidhaa na ankara yake, zote zikiwa na namba ileile ya LPO. Safari hiyo mhasibu hakuwa na swali.