Somo: Kuandika maelezo ya bidhaa pale mteja anapokuambia "niandikie tu"

Mwenye duka moja la mtandaoni hapa Kirumba alinitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Naomba maelezo ya bidhaa yangu, niiweke dukani leo." Hakutaja bidhaa, bei wala mnunuzi. Nitaonyesha nilivyofika kwenye maelezo yanayouza.

Hatua ya 1: Uliza ni kitu gani, na usiridhike na jina. Alijibu, "Dagaa." Kwa wakazi wa Mwanza jibu hilo halitoshi, kwa sababu dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye vichanja ni bidhaa mbili tofauti. Aliposema ni wa vichanja, nilimwomba atie konzi moja kwenye bakuli la maji safi, akoroge, kisha asubiri dakika chache. Chini hapakutuama mchanga, nami nikapata sentensi yangu ya kwanza.

Hatua ya 2: Uliza nani atanunua. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Mfugaji wa kuku hununua dagaa kwa gunia na hajali sana mwonekano, ilhali mama anayepika nyumbani Dodoma anataka waliochambuliwa, wasio na harufu kali. Mteja wangu aliwalenga wapishi wa nyumbani.

Hatua ya 3: Uliza kipimo na kiwango cha bei. Alikuwa anauza pakiti za nusu kilo, ghali kidogo kuliko za sokoni Mwaloni, kwa hiyo maelezo yalipaswa kueleza nyongeza hiyo inalipia nini.

Hatua ya 4: Andika kwa yale uliyothibitisha tu.

"Dagaa wa Ziwa Victoria, nusu kilo. Wameanikwa kwenye vichanja, si mchangani, na kuchambuliwa kwa mkono. Waoshe kwa maji ya vuguvugu kabla ya kukaanga. Hifadhi mahali pakavu, na ufunge pakiti kila unapochota."

Sikuandika "bora kuliko wote", wala sikutaja alama ya TBS, kwa kuwa hakunionyesha cheti.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mteja akigoma kujibu nifanyeje?
Jibu: Mrudishie rasimu yenye nafasi wazi, kwa mfano "[uzito]" na "[wameanikwa wapi]". Aliyekataa maswali matano hujaza nafasi mbili bila kinyongo. Usizijaze kwa kubahatisha, maana pakiti ikirudishwa, lawama ni zako.

Swali: Bei niitaje ndani ya maelezo?
Jibu: Hapana, iache kwenye sehemu yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hazivuti samaki vizuri, hivyo mzigo hupungua na bei hupanda. Ukiiandika katikati ya aya, utasahau kuibadilisha.

Swali: Nitajuaje kwamba ni wakavu kweli?
Jibu: Mkunje mmoja. Mkavu huvunjika, akipinda tu, mwambie mwenye duka awaanike tena kabla hujaandika neno "wakavu".