Somo: Kumpiga picha mtu aliyekimbia vita, kuanzia ridhaa hadi maelezo ya picha

Somo hili linahusu picha ya aina moja tu: mtu aliyekimbia vita, ameketi mbele ya hema lake, katika kambi kama zile zilizouzunguka mji wa Goma. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanzia kazi, na hapo ndipo mtu hujibu "ndiyo" huku moyoni hajakubali.

Hatua ya kwanza: omba ridhaa mkiwa peke yenu

Ukifika ukiwa umeongozana na mkuu wa kambi au mtumishi wa shirika la misaada, mama aliyeketi pale anamwona mtu anayeshika orodha ya chakula, na hawezi kukukatalia mbele yake. Mwombe mwenyeji wako asubiri mbali kidogo. Mkimhitaji mkalimani, kwa kuwa mtu wa Masisi huenda anazungumza Kihunde kuliko Kiswahili, mama mwenyewe aulizwe kama anamwamini.

Kisha useme mambo matatu waziwazi: picha hii haitamletea msaada wala kumwondolea, itaonekana kwenye simu, hata za watu wa kijiji alichokikimbia, na anaweza kukataa sasa au baadaye. Usitosheke na kutikisa kichwa. Mwombe akueleze kwa maneno yake picha inakwenda wapi. Akijibu, "Mnapeleka kwa wazungu watuletee turubai," hajakubali bado, bali ameomba turubai. Anza upya, au uifunge kamera.

Hatua ya pili: akitaka kufichwa, afichwe kweli

Hapa makosa ni mengi, na anayeumia ni yeye. Uso ukifichwa, jirani humtambua bado kwa kitenge chake, kwa kovu la mkono au kwa namba iliyoandikwa kwenye hema. Ukimpiga dhidi ya mwanga wa mlango ili abaki kivuli, kumbuka kwamba faili ghafi la kamera huhifadhi mengi ndani ya giza hilo: mhariri akiongeza mwangaza, sura inaweza kurudi. Mgeuze kabisa, au upige mikono yake, na utume JPEG ambayo giza lake ni giza tupu.

Ondoa pia alama za mahali zilizomo ndani ya faili, kwa programu ya exiftool:

```
exiftool -gps:all= picha.jpg
```

Programu hii huacha nakala ya awali iitwayo `picha.jpg_original`, ambayo bado ina alama hizo. Usiitume pamoja na nyingine.

Hatua ya tatu: usipange tukio

Picha ya mtu anayeitazama kamera inaruhusu kumwambia asogee penye mwanga, kwa sababu mtazamaji anaona kwamba amekaa apigwe. Tukio halina ruhusa hiyo. Ukimwambia, "Mama, hebu chota maji tena, nilichelewa," umetengeneza tukio, hata kama alichota kweli dakika moja kabla.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa uwanja wa vita wa Gettysburg, Marekani, Julai 1863. Mpigapicha Alexander Gardner na wenzake walipiga picha za askari kijana aliyekufa kwenye mteremko. Kisha maiti ileile ikabebwa hadi kwenye kizuizi cha mawe, kichwa kikaegemezwa, na bunduki ikasimamishwa kando. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1866, Gardner alimwita mdunguaji aliyefia katika maficho yake. Mwaka 1975 mtafiti William Frassanito alizilinganisha picha hizo na mandhari yenyewe, akaonyesha kwamba maiti ilihamishwa. Wala bunduki ile haikuwa ya aina ambayo wadunguaji waliitumia kwa kawaida. Angalia jinsi uongo ulivyoingia mara mbili: kwanza kwa mikono, kisha kwa kalamu. Kijana yule alikuwa amekufa kweli, lakini mahali alipofia na kazi yake vilibuniwa.

Kwa hiyo maelezo ya picha yaandikwe siku hiyohiyo, yakitenganisha ulichokiona na ulichosimuliwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Bukavu: Ndugu mwalimu, majeruhi aliyezimia je, nani atoe ridhaa?*

Hakuna anayeweza kuitoa kwa niaba yake wakati ule. Mimi hupiga ikiwa tukio lina uzito kwa umma, kwa umbali usiozuia wauguzi, bila sura, na huishikilia picha mpaka nimpate yeye au ndugu zake. Maiti, kadhalika: mama asijue msiba wake kwa picha yangu.

*Mwanachama wa Kigoma: Na mwathirika wa ubakaji anayesisitiza sura yake ionekane?*

Ni haki yake, nami simfundishi aibu. Hata hivyo ninamuuliza kuhusu watoto wake na mahali atakapolala mwezi ujao, kisha ninarudi kesho yake kumuuliza tena. Akiwa hajatimiza miaka 18, sura haitoki, hata mzazi akikubali.

*Mwanachama wa Bujumbura: Mpiganaji alijitolea kufyatua risasi ili nipate picha. Nilipiga. Niandikeje?*

Usiitoe kama mapigano, kwa kuwa hayakuwapo. Ikiwa lazima itoke, sentensi ya kwanza iseme kwamba alifyatua kwa ajili ya kamera. Safari nyingine, akishika bunduki kukuonyesha, ishushe kamera kabla hajafyatua, kwani risasi ile inaanguka mahali fulani.