Cheki imepotea au umeiandika kimakosa Marekani: jinsi ya kuizuia, na itakugharimu kiasi gani

Huku Marekani cheki bado zipo sana jamani, nyumbani tumeshahamia kwenye simu kitambo lakini huku mwenye nyumba anataka cheki, shule ya mtoto inataka cheki, fundi wa bomba naye cheki. Na nyingi tunazituma kwa posta, kwa hiyo zinapotea. Nyingine hazipotei, ila umeandika hesabu vibaya au umempa mtu asiyehusika. Hapo ndo unahitaji kusimamisha malipo, yaani kuiambia benki yako kwamba cheki namba fulani ikija msiilipe.

Kabla ya kuingia kwenye apu, jiulize iko wapi hiyo cheki. Kama bado iko mkononi mwako huhitaji kulipa chochote, andika VOID kwa herufi kubwa katikati yake, ichane, weka kumbukumbu ya namba yake basi. Kama iko kwa mtu unayemjua na hajaipeleka benki, mpigie mwombe akurudishie, hiyo pia ni bure. Ada ya benki inakuwa na maana pale tu ambapo cheki iko mahali usipoweza kuifikia, au iko kwa mtu ambaye humwamini kwamba hataiingiza.

Ada yenyewe kwa benki kubwa nyingi inacheza kwenye dola 30 hadi 35 kwa cheki moja. Baadhi wanapunguza dola kadhaa ukifanya mwenyewe onlaini badala ya kupiga simu au kwenda kaunta, na vyama vya akiba na mikopo mara nyingi wako chini ya hapo. Kuna akaunti za daraja la juu ambazo hazichajiwi kabisa, kwa hiyo angalia karatasi ya ada ya akaunti yako, tafuta mstari ulioandikwa "Stop payment". Hela hiyo inakatwa hapo hapo, na hairudi hata kama cheki haikuja kamwe.

Tuchukue mfano. Unaishi Minneapolis, tarehe 28 umeandika cheki namba 1047 ya dola 1,450 ya kodi ya nyumba ukaitia kwenye sanduku la posta. Tarehe 6 mwenye nyumba anakutumia meseji hajaona kitu. Kwenye akaunti una dola 1,900. Ukimwandikia nyingine bila kuizuia ya kwanza, halafu ya kwanza ikatokea wiki ijayo na yeye au mtu wa ofisini kwake akaiingiza bila kuangalia, hapo zimetoka dola 2,900 kwenye akaunti yenye 1,900, utakuwa umezama kwa dola 1,000 na benki nyingi watakuchaji ovadrafti juu yake. Kwa hesabu hiyo dola 30 ni za kulipa bila kusita. Lakini kama cheki iliyopotea ni ya dola 25 ya safari ya shule na una uhakika imepotelea kwenye begi la mtoto, mimi nisingelipa dola 30 kuokoa 25, ningeiacha nikawa naiangalia akaunti. Isipokuwa kama unahisi imeibwa. Hapo habari ni nyingine, nitaifikia.

Sasa, turudi kwenye 1047. Ingia kwenye apu au tovuti ya benki, tafuta menyu ya huduma za akaunti, utaona "Stop Payment". Angalia kwanza kama cheki haijashapita, manake ikishalipwa hakuna cha kusimamisha. Ukiiona imeandikwa "Pending" usipoteze muda na apu, piga simu dakika hiyo hiyo, wakati mwingine bado kuna nafasi ndogo na wakati mwingine hakuna, na hata huyo wa kwenye simu anaweza asiwe na uhakika. Kumbuka siku hizi mtu anapiga picha ya cheki kwa simu yake akiwa sebuleni na kesho yake ya kazi iko benki kwako, zile siku za kusubiri wiki nzima zimekwisha tangu ile sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004 iliyoruhusu benki zibadilishane picha badala ya karatasi.

Watakuuliza namba ya akaunti, namba ya cheki, kiasi, tarehe na jina la uliyemwandikia. Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Mfumo wa benki hausomi barua yako ya maelezo, unafanya kazi kama mlinzi wa getini aliyepewa namba ya gari, gari likija na namba tofauti linapita. Ukisema 1074 badala ya 1047 umelipa dola 30 na hujazuia kitu. Na kiasi kiwe hadi senti, kama uliandika 1,450.00 usiseme "kama elfu moja na mia nne hivi". Ukiwa hukumbuki namba, chukua kitabu cha cheki uangalie iliyobaki ya juu, kama ni 1048 basi iliyotoka ni 1047, au fungua picha za cheki zilizopita kwenye apu uone mfululizo umeishia wapi. Namba ya cheki iko juu kulia na inajirudia chini kwenye ile safu ya tarakimu za ajabu ajabu, pamoja na rauting, yaani namba ya utambulisho ya benki yako yenye tarakimu tisa, na namba ya akaunti yako.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia kwa waliolipa kupitia "Bill Pay" ya benki. Pale benki yenyewe ndo inachapisha cheki na kuituma, namba yake haipo kwenye kitabu chako na wakati mwingine haitoki hata kwenye akaunti yako moja kwa moja. Usiizuie kwenye menyu ile ya kawaida, nenda kwenye malipo yale yale ndani ya "Bill Pay" utafute pa kuyafuta au piga simu.

Ukimaliza, hifadhi namba ya uthibitisho, piga skrinshoti. Kama ulitoa agizo kwa mdomo tu kwenye simu, uliza kama unatakiwa kuthibitisha kwa maandishi, kwa sababu sheria ya biashara inayofuatwa karibu kila jimbo, UCC kifungu 4-403, inasema agizo la mdomo linaweza kufa baada ya siku 14 lisipothibitishwa. Na hata la maandishi linadumu miezi sita tu. Benki nyingine wanaongeza kwa hiari yao hadi mwaka au zaidi, nyingine wanashikilia ile sita, na ukitaka kuendelea unahuisha na mara nyingi unalipa tena.

Watu wanadhani baada ya miezi sita cheki yenyewe imekufa kwa hiyo hakuna shida. Si kweli kabisa. Benki hailazimiki kulipa cheki iliyozidi miezi sita, lakini haijakatazwa, ikiilipa kwa nia njema inakuwa imelipa. Kwa hiyo kama 1047 ni ya Machi na agizo lako limeisha Septemba, weka kikumbusho kwenye simu wiki moja kabla, uamue. Kwa cheki ya kodi ya dola 1,450 mimi ningehuisha mara moja zaidi.

Mwenye nyumba naye mweleze mapema. Deni lipo pale pale, umezuia karatasi tu hujafuta kodi, na kama mkataba wako una faini ya kuchelewa anaweza kukudai. Mpelekee ile skrinshoti, mwombe akusamehe faini, halafu mwandikie 1048 na mwambie kwa maandishi kwamba 1047 ikifika asiiingize, maana akiiingiza itarudi na benki yake inaweza kumchaji yeye, na atakuja kukudai wewe hiyo chaji.

Ikitokea benki imelipa 1047 wakati agizo lako lilikuwa hai na maelezo yalikuwa sahihi, unaweza kuwadai, ila kuthibitisha umepata hasara ni kazi yako. Kama hela ilienda kwa mwenye nyumba yule yule uliyekuwa na deni lake, watasema hujapoteza kitu, deni limelipwa. Kama amelipwa mara mbili, unamfuata yeye akurudishie au ahesabu ni kodi ya mwezi ujao, na aiandike hiyo kwenye karatasi.

Kwa wale wanaotaka kuzuia cheki kwa sababu wamegombana na fundi: angalieni sana. Umempa fundi cheki ya dola 600 ya kuanzia kazi, hajatokea, umeizuia. Yeye kaenda zamani kwenye duka la kubadilishia cheki kachukua hela taslimu. Cheki ikirudi, lile duka lililoipokea bila kujua ugomvi wenu linaweza kukudai wewe mwandishi, na mara nyingi mahakama inakuwa upande wa duka. Na kupokea kitu au huduma huku ukiwa umepanga kabisa kuizuia cheki ni kosa la jinai.

Ukihisi cheki imeibwa kwenye posta, kuzuia namba moja hakutoshi. Aliyeiba ana rauting na akaunti yako zote, anaweza kufuta wino akaandika jina lingine na kiasi kingine, au kuchapisha cheki mpya zenye namba anazotaka yeye. Kitabu kizima kikipotea pia usianze kuzuia moja moja kwa dola 30, ingawa kuna benki wanazuia mfululizo kwa ada moja. Mwambie benki ni wizi, waifunge akaunti wakufungulie nyingine, kwa kawaida hiyo haina ada, usumbufu wake ni kuhamisha mshahara na malipo yanayojikata yenyewe.

Zile zenye maandishi "Cashier's Check" haziingii kwenye utaratibu huu, kwa sababu anayelipa ni benki na hela ilishatoka kwako. Ikipotea unajaza tamko la kupotea kwenye tawi, na dai lako halilazimu benki kukulipa mpaka zipite siku 90 tangu tarehe iliyo kwenye cheki. Kama cheki ni ya hela nyingi wanaweza kukutaka dhamana ndo wakupe nyingine mapema. Na mshahara wako wa cheki ukipotea, wewe huwezi kuuzuia, mwambie mwajiri, yeye ndo mwenye akaunti.

Kama haya yanakukuta uko likizo nyumbani: namba za simu zinazoanza na 1-800 mara nyingi hazipatikani ukipiga kutoka Tanzania au Kenya, tumia ile namba ya kimataifa iliyo nyuma ya kadi yako, ipige picha kabla hujasafiri. Msimbo wa kuingia kwenye apu unakuja kwa laini yako ya Marekani, kama umeizima hutaingia. Na kwa Minneapolis wakati wa baridi tofauti ni masaa tisa, tawi likifunguliwa saa tatu asubuhi kule, Dar ni saa kumi na mbili jioni.