Mambo ya kuzingatia kabla hujapanga nguo za mwezi za kwenda kwa wateja

Mpango huu ni wa mwanaume anayeuza bidhaa Dar es Salaam: Jumatatu yuko kwa wenye maduka ya jumla Kariakoo, katikati ya wiki anapanda ofisi za Posta, na jasho halimwachi. Anayeuza mji mwingine atapunguza ya jasho, mengine yabaki hivyohivyo.

Viatu: pea mbili, zote nyeusi, uzivae kwa zamu ili kila moja ipate siku ya kukauka ndani. Mkanda mmoja mweusi. Ukianza kuchanganya na kahawia utahitaji mkanda wa pili, na kuna suruali zitakazogoma.

Suruali tatu: bluu iliyokoza, kijivu, nyeusi. Zote zisiwe na michoro, kwa sababu kila shati lazima likubali kila suruali. Shati linalokwenda na suruali moja tu usilinunue, hata likiwa la bei ya kutupa pale Karume.

Sasa mashati, na hapa ndipo watu wengi wanapojichongea. Wengi hununua matano kwa hesabu kwamba wiki ya kazi ina siku tano. Tazama kinachotokea: ukiyavaa kwa mpangilio, shati la Jumatatu hii ndilo la Jumatatu ijayo, na ijayo tena. Yule tajiri wa Kariakoo unayempitia kila Jumatatu anakuona na shati lilelile la mistari mwezi mzima. Una mashati matano, yeye anajua una moja. Siku unamwomba oda kubwa na malipo ya awali, anajiuliza kama kampuni yenyewe imesimama.

Sita nayo haisaidii sana. Ukizungusha mashati sita na suruali tatu, shati la kwanza litaangukia suruali ileile kila mzunguko, na utakuwa na miunganiko sita tu. Chukua saba. Saba kwa tatu inatoa miunganiko 21 kabla hujarudia hata mmoja, na siku za kazi za wiki nne ni 20.

Yape namba kwa kalamu isiyofutika ndani ya kola, suruali ndani ya kiuno, kisha vaa kwa mfuatano. Jumatatu ya kwanza ni shati 1 na suruali 1. Ya pili, shati 6 na suruali 3. Ya tatu, shati 4 na suruali 2. Ya nne, shati 2 na suruali 1. Mashati yenyewe yawe meupe mawili, bluu ya mbingu mawili, jeupe la mistari myembamba, la waridi hafifu na la kijivu hafifu. Panga namba ili 1, 6, 4 na 2 zisiwe za rangi moja. Sikukuu ikiingia usiruke namba, endelea ulipoishia. Jumamosi, kama mnafanya kazi, vaa fulana ya kola ya kampuni na uiache nje ya hesabu.

Kufua: mashati Jumatano jioni na Jumamosi. Wakati wa masika hutahangaika, maana shati la Jumatatu halitakiwi tena hadi Jumatano ya wiki inayofuata. Suruali ni Jumamosi, zile mbili zilizovaliwa mara mbili wiki hiyo. Ile iliyovaliwa mara moja ndiyo zamu yake Jumatatu, kwa hiyo hakuna ya kukimbizia kwenye jua.

Kwapa likigeuka manjano usimwagie jiki, mara nyingi umanjano unazidi. Sugua kwa sabuni ya kipande na maji baridi siku hiyohiyo, kabla jasho halijakauka. Singlendi iwe ya rangi inayokaribia ngozi yako. Nyeupe inaonekana chini ya shati jeupe.

Suruali hufa mapema kuliko shati, na huanzia katikati ya mapaja, hasa kwa anayepanda bodaboda. Iinue kwenye mwanga: ukiona uzi umechujuka, mpelekee fundi atie kiraka kwa ndani kabla haijatoboka. Pasi ipige ukiwa umeigeuza, la sivyo kitambaa kitang'aa magotini na matakoni.

Shati moja la akiba likae kwenye begi, limeviringishwa. Manukato kidogo, daladala inatosha kukubana. Na kabla ya kwenda kwa mteja mkubwa, angalia rangi za mshindani wake: usiingie kwake umevaa sare ya adui.