Saa ikisema imejaa, usikimbilie kufuta apu

Wenye Apple Watch, saa ikikwambia imejaa usianze kufuta apu hovyo, ingia kwanza Settings, General, Storage hapohapo kwenye saa uone nini kinakula nafasi, mara nyingi ni miziki na podikasti. Juzi ya mdogo wangu ilikuwa na giga 5 za nyimbo tupu! Tukafungua apu ya Watch kwenye simu yake, Music, Edit, tukatoa orodha mbili za nyimbo, saa ikapumua. Na kama kila ukiweka apu mpya kwenye simu inajiweka na kwenye saa, zima Automatic App Install, iko kwenye General ya hiyo apu ya Watch. Ukifuta apu kwenye saa, ya kwenye simu inabaki, usiogope.