Je, uga wa umeme unaweza kutoweka ukibadili mwendo? Jinsi ya kujua kwa namba mbili tu

Shika sumaku mkononi, isimame tuli. Wewe unaona uga wa sumaku pekee. Anayepita karibu nayo kwa kasi anaona pia uga wa umeme, kwenye nukta ileile. Nyote wawili mko sahihi, kwa sababu nyuga hizi mbili hugawana sura kulingana na mwendo wa anayepima. Kazi yangu ni kuandika programu zinazofuatilia elektroni ndani ya nyuga, na swali ninalokutana nalo kila wiki ni hili: je, kuna mtazamaji ambaye kwake uga mmoja unatoweka kabisa? Akiwepo, hesabu yangu inakuwa nyepesi mno. Asipokuwepo, nitapoteza siku nzima nikimtafuta.

Jibu liko katika namba mbili ambazo watazamaji wote wanakubaliana:

```
S = E² − c²B²
P = E·B
```

E ni uga wa umeme, B uga wa sumaku, c kasi ya mwanga. P ni zao la nukta la vekta mbili, kwa hiyo ni sifuri nyuga zikiwa na pembe mraba kati yake.

Hatua ya 1: Weka vipimo sawa kabla ya lolote

Usilinganishe volti kwa mita na tesla. Zidisha B kwa c kwanza, ndipo zote mbili ziwe volti kwa mita. Nichukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho: E ni 3×10⁵ V/m kuelekea y, B ni militesla 2 kuelekea z. Kwa c = 3×10⁸ m/s, cB ni 6×10⁵ V/m. Uga wa sumaku, ambao kwa jicho ulionekana mdogo, ndio wenye nguvu hapa.

Hatua ya 2: Kokotoa S na P, kisha soma alama

S = 9×10¹⁰ − 36×10¹⁰ = −27×10¹⁰. P = 0, kwa kuwa y na z zina pembe mraba.

Alama ya S ndiyo inayoongea. Ikiwa P ni sifuri na S ni hasi, yupo mtazamaji anayeona uga wa sumaku peke yake. S ikiwa chanya, yupo anayeona umeme peke yake. Kinyume chake hakiwezekani kamwe: kwa nyuga zetu hizi hakuna mwendo wowote utakaofuta B, maana B ikiwa sifuri S ingekuwa E², na E² haiwezi kuwa hasi.

Hatua ya 3: Mtafute mtazamaji huyo

S ikiwa hasi, anakwenda upande wa E×B, yaani x kwetu, kwa kasi ya E/B. Hiyo ni 3×10⁵ ÷ 0.002 = 1.5×10⁸ m/s, nusu ya kasi ya mwanga. Sasa tumia kanuni za kugeuza nyuga kwa mwendo wa upande wa x:

```
Ey' = γ(Ey − v·Bz)
Bz' = γ(Bz − v·Ey/c²)
γ = 1/√(1 − v²/c²)
```

v·Bz ni 3×10⁵, sawasawa na Ey, kwa hiyo Ey' ni sifuri. Katika Bz', sehemu inayotolewa ni militesla 0.5, inabaki 1.5, mara γ ya 1.1547, tunapata militesla 1.732. Ukizidisha kwa c na kuweka mraba unapata 27×10¹⁰. S imebaki −27×10¹⁰.

Maana yake kwa elektroni ni hii: kwa mtazamaji huyo inazunguka tu, haiongezi wala kupunguza nishati. Kwetu sisi mzunguko huohuo unasogea kuelekea x kwa nusu ya kasi ya mwanga. Na elektroni iliyoingia tangu mwanzo kwa kasi hiyohiyo kuelekea x inapita moja kwa moja bila kupinda. Kichujio cha kasi kinachochagua chembe kwa E/B kinategemea jambo hili. S ikiwa chanya, E/B inazidi kasi ya mwanga, na kichujio hicho hakina chembe ya kupitisha.

Hatua ya 4: Ipime programu yako, lakini si kwa namba moja

Jaribu mtazamaji wa robo ya kasi ya mwanga. Ey' inakuwa 1.549×10⁵ V/m, Bz' inakuwa militesla 1.807. Miraba yake, baada ya kuzidisha B kwa c, ni 2.4×10¹⁰ na 29.4×10¹⁰. Tofauti ni −27×10¹⁰ tena.

Niliwahi kuandika alama ya kujumlisha mahali pa kutoa katika mstari wa Bz'. Nilikuwa nakagua P tu, na P iliendelea kuwa sifuri kwa sababu nyuga zilibaki y na z. Kila kitu kilionekana kizima. S ndiyo iliyofichua: ilitoka −46.2×10¹⁰. Tangu hapo nakagua zote mbili, na nyuga za majaribio nazichagua ziwe zimeinama, P isiwe sifuri.

Ila kuna kosa ambalo S na P haziwezi kulishika. Ukigeuza alama ya v kila mahali, umemhesabia mtazamaji anayekwenda upande wa pili, na kwake pia S na P ni zilezile. Hilo ligundue kwa Hatua ya 3: kwa v = E/B, Ey' lazima iwe sifuri. Ikiongezeka badala ya kufa, mwendo umegeuzwa.

Hatua ya 5: P isipokuwa sifuri

Ongeza kipande cha E cha 1×10⁵ V/m kuelekea z, sambamba na B. Sasa P ni 200 na S ni −26×10¹⁰. Acha kutafuta mtazamaji wa uga mmoja; hayupo, kwa kuwa uga wowote ukifa P nayo ingekufa. Unachoweza kupata ni mtazamaji anayeona E na B zikiwa kwenye mstari mmoja. Nguvu zake unazipata kutoka kwenye S na P pekee: E kama 1.148×10⁵ V/m na B kama militesla 1.742. Hapo elektroni inazunguka mstari huo huku ikisukumwa kwa urefu wake.

Hatua ya 6: Zote mbili zikiwa sifuri

Hii ndiyo hali ya wimbi la mwanga katika ombwe: E ni sawa na cB, na pembe ni mraba. Ukilikimbilia wimbi hilo kutoka nyuma kwa 0.6 ya kasi ya mwanga, E inapungua hadi nusu, B nayo nusu. Ongeza kasi, zote zinafifia pamoja, lakini hakuna kasi inayomfikisha mtu mahali pa kuona umeme peke yake au sumaku peke yake.

Usijumlishe S za mawimbi mawili, hata hivyo. Jumlisha E na B kwanza, ndipo ukokotoe. Mawimbi mawili yanayokutana uso kwa uso, kila moja likiwa na S ya sifuri, hutengeneza wimbi lililosimama ambalo mahali pengine S yake ni chanya na pengine hasi. S na P ni za nukta moja na wakati mmoja, kwa hiyo zikokotoe upya kila hatua ya elektroni.